Ganzi ya Hisia Baada ya Msongo wa Muda Mrefu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu aina moja tu ya ganzi ya hisia, nayo ni ile inayomkuta mtu baada ya kubeba mzigo mzito kwa miezi au miaka, na ambayo mara nyingi hujitokeza wazi pale mzigo wenyewe unapokuwa umekwisha kutuliwa.

Ganzi ya hisia ni nini hasa?

Ni hali ambayo mtu anajua anachopaswa kuhisi, lakini hakihisi. Anapata habari njema, anaielewa kuwa ni njema, anatamka maneno yanayostahili, na ndani mwake hakuna kinachotikisika. Anasikia habari mbaya, na hapo pia anabaki vilevile. Wengine huieleza kama kuyatazama maisha yao kupitia kioo, au kama kuigiza nafasi ya mtu wanayemfahamu vizuri, yaani wao wenyewe wa zamani.

Lugha yetu ilichagua neno sahihi. Mguu uliokufa ganzi haujakatika. Upo, una uzito, na unaweza hata kutembelewa kwa shida. Kilichokatizwa ni habari zinazotoka mguuni kwenda kunakohisiwa. Ganzi ya hisia inafanana na hiyo kwa mambo mawili tutakayoyarudia: kwamba kilichokufa ganzi hakijafa, na kwamba ganzi inapoachia, kinachotangulia huwa ni mchomo, si raha.

Hali hii isichanganywe na utulivu. Mtu mtulivu huguswa, kisha hurudi mahali pake. Mtu mwenye ganzi haguswi, na kwa kawaida jambo hilo humsumbua, ingawa hata usumbufu huo anausikia kwa mbali.

Kwa nini imekuja sasa, wakati shida yenyewe imekwisha?

Hili ndilo linalowashangaza wengi, na ndilo linalowafanya wajilaumu. Tuchukue mfano, ambao umeundwa kwa kuunganisha mambo yanayojirudia kwa watu wengi na si habari za mtu mmoja. Mwanamume wa miaka 41 alimuuguza baba yake kwa miaka 3 baada ya kiharusi, huku akifanya kazi ya zamu. Kwa miaka yote hiyo alilala sikio likiwa wazi, akaamka mara mbili au tatu kila usiku kumgeuza mgonjwa, akapanga dawa, akagombana na ndugu kuhusu gharama, na hakulia hata mara moja. Baba alipofariki alisimamia mazishi bila kosa. Miezi 4 baadaye mtoto wake akafaulu mtihani aliouhangaikia mwaka mzima, naye akasema hongera, akamkumbatia, na akagundua kwamba amekumbatia kama anavyobeba kiti kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Wakati wa kuuguza, ganzi ile ilikuwepo tayari, ila haikuonekana kwa sababu ilikuwa na kazi. Mtu anayelazimika kufanya uamuzi saa 9 usiku hawezi kusimama na kuomboleza, kwa hiyo hisia huwekwa kando ili mikono ifanye kazi. Kazi ilipokwisha, ile breki iliyokuwa ikizizuia hisia haikujua kwamba imekwisha. Mwili haupokei taarifa ya mwisho wa shida kwa siku moja. Huisoma polepole, kutokana na usingizi, mwendo wa siku na mambo yanayojirudia bila hatari, na katika kipindi hicho cha katikati mtu huwa ametoka kwenye shida bila kuwa amerudi kwake.

Mwilini kunatokea nini?

Msongo wa muda mfupi una njia mbili zinazofahamika vizuri. Ya kwanza ni ya haraka: katika sekunde chache adrenalini humwagika, moyo hukimbia, misuli hukaza. Ya pili ni ya polepole zaidi: ubongo hutuma ujumbe kwenye tezi zilizo juu ya figo, nazo hutoa homoni iitwayo kotisoli, ambayo hufika kileleni takriban dakika 20 hadi 30 baada ya tukio kuanza. Kwa mtu aliyepumzika, kotisoli hupanda pia kila siku muda mfupi baada ya kuamka, kisha hushuka hadi usiku. Msongo unaodumu huvuruga mpangilio huo, na baadhi ya watu huishia na mstari uliolala karibu sawa siku nzima, hivyo asubuhi haiji na nguvu wala usiku hauji na utulivu.

Hans Selye, aliyeandika kuhusu jambo hili mwaka 1936 baada ya majaribio yake kwa panya, alieleza hatua tatu: tahadhari, ustahimilivu, kisha uchovu. Mchoro wake umebaki na manufaa, lakini uliwafanya watu wengi waamini kwamba homoni hufika mahali zikaisha kama mafuta ya taa. Sivyo ilivyo. Kinachoitwa “kuchoka kwa tezi za adrenali” hakitambuliwi kama ugonjwa na madaktari wa homoni, na vidonge vinavyouzwa kwa jina hilo ni vya kuepukwa. Tatizo haliko kwenye akiba. Liko kwenye namna ubongo unavyojifunza kupunguza sauti.

Kupunguza sauti huko kunahusisha sehemu kadhaa. Amigdala, inayotahadharisha kuhusu hatari, inaweza kudhibitiwa kupita kiasi na sehemu za mbele za ubongo zinazotawala kujizuia. Mfumo wa dopamini, unaomfanya mtu avutwe na kitu kabla hajakipata, hupunguza mwitikio wake, na ndiyo maana wengi husema “sina hamu” kabla ya kusema “sina furaha”. Halafu kuna insula, sehemu inayosoma hali ya ndani ya mwili: mapigo ya moyo, joto, tumbo, pumzi. Hisia nyingi huanzia hapo, kwa kuwa hofu ni pamoja na tumbo linalojikunja na huzuni ni pamoja na kifua kizito. Mtu aliyezoea kwa miaka kutosikiliza njaa, uchovu na maumivu ya mgongo amejifunza kutosikiliza mwili kwa jumla, na huwezi kuziba sikio hilo kwa uchovu tu ukaliacha wazi kwa furaha.

Nilitaka kukimbia maumivu. Kwa nini na furaha imeondoka?

Kwa sababu breki ni moja. Mwaka 1997 wanasaikolojia James Gross na Robert Levenson walichapisha jaribio ambalo wanawake 180 walitazama vipande vya filamu za huzuni, za kuchekesha na za kawaida, na baadhi yao wakaambiwa wafiche kabisa wanachohisi, mtazamaji asijue. Waliofanya hivyo walifanikiwa kuficha nyuso zao. Lakini huzuni haikupungua ndani yao. Kilichopungua ni ile raha ya kuchekeshwa. Wakati huohuo miili yao ilionyesha dalili za kufanya kazi ya ziada.

Jaribio hilo lilikuwa la dakika chache tu, na hatuwezi kulinyoosha likaeleza miaka 3 ya kuuguza. Hata hivyo linaonyesha jambo ambalo wauguzaji wengi wangelithibitisha: kujizuia hakuondoi uchungu kwa usawa na kunavyoondoa utamu, na bei yake hulipwa na mwili.

Je, maana yake nimeacha kuwapenda watu wangu?

Hapana, na ishara yake iko kwenye matendo. Mtu aliyeacha kupenda huacha pia kujali kwamba ameacha. Yule baba wa mfano wetu aliendelea kuamka kumwandalia mtoto vitu vyake vya shule, na alisumbuka usiku kwa sababu ya kumbatio lile lililokuwa tupu. Upendo wake ulikuwa umebaki kwenye mikono, haujarudi kifuani. Kwa hiyo uamuzi mkubwa, kama wa kuvunja ndoa au kuhama nyumba kwa sababu tu “sihisi chochote”, usubiri hadi ganzi ianze kuachia. Kipo kighairi kimoja: kama unayeishi naye anakuumiza, ganzi yako inaweza kuwa inakulinda dhidi ya hatari iliyopo sasa, na hapo kinachotangulia ni usalama wako, si hisia zako.

Nitatofautishaje ganzi hii na sonona?

Mipaka yake inaingiliana, na mara nyingine ganzi ni sehemu ya sonona yenyewe. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu ni muda na uenevu: huzuni, au kupotea kwa hamu na raha, kunakochukua sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, kukiambatana na mambo kama usingizi kuvurugika, hamu ya chakula kubadilika, uchovu, kujiona hufai, kushindwa kukaza fikra, au kuwaza kufa. Ukijiona humo, nenda ukapimwe. Usikae kujaribu kuamua mwenyewe ni jina gani linakufaa.

Ikiwa kilichotangulia kilikuwa tukio la kutisha, na sasa kuna ndoto za kurudia tukio, kushtuka ovyo na kukwepa kila kinachokukumbusha, ganzi inaweza kuwa sehemu ya athari za kiwewe. Wataalamu wa akili waliiweka miongoni mwa dalili zake tangu ugonjwa huo ulipotambuliwa rasmi nchini Marekani mwaka 1980. Baada ya msiba nako, ganzi ya wiki za mwanzo ni ya kawaida sana, lakini ikiambatana na majonzi makali yasiyolegea kwa zaidi ya miezi 6 na kumzuia mtu kuendesha maisha yake, kuna matibabu mahususi kwa hali hiyo.

Kabla ya yote hayo, mwili uchunguzwe. Tezi ya shingoni inayofanya kazi chini ya kiwango, upungufu wa damu na upungufu wa vitamini B12 vyote humfanya mtu awe mzito na asiye na hamu, na hugunduliwa kwa vipimo vya damu.

Natumia dawa za sonona. Zinaweza kuwa ndizo chanzo?

Zinaweza. Dawa za kundi la fluoksetini na setralini huwaletea watu wengi hali ya kutoguswa na jambo, baya au zuri, hata pale sonona yenyewe inapokuwa imepungua. Swali la kujiuliza ni la mpangilio wa wakati: ganzi ilikuwepo kabla ya dawa, au ilianza au kuongezeka wiki chache baada ya kuanza au kuongezewa kipimo? Mpelekee daktari jibu hilo, naye anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa. Usiache ghafla mwenyewe, kwa sababu kuacha ghafla huleta kizunguzungu, wasiwasi na usingizi mbovu, mambo ambayo wengi huyadhania kuwa ugonjwa umerudi.

Nianzie wapi?

Usianzie kwenye hisia. Ushauri huu huonekana kama mzaha kwa mtu aliyekuja akitafuta hisia, lakini kuzisaka moja kwa moja hufanana na kusaka usingizi: kila unapojikagua kama umelala, unaamka zaidi. Anayejiuliza mara ishirini kwa siku “je, sasa nahisi kitu?” anapata jibu lilelile mara ishirini, na kila jibu linamthibitishia kwamba ameharibika.

Anzia kwenye mwili. Mara tatu kwa siku, kwa dakika 2 tu, jiulize maswali ambayo hata mwenye ganzi anaweza kuyajibu: mikono yangu ni ya joto au ya baridi? Mabega yako juu au yameshuka? Meno yamebanana? Pumzi inafika tumboni au inaishia kifuani? Tumbo limeshiba, lina njaa, limekaza? Usijaribu kubadilisha chochote, jibu tu kwa neno moja. Kazi ya zoezi hili ni kuizoesha tena ile njia ya kusoma mwili ambayo iliachwa kwa muda mrefu, na kwa wiki ya kwanza majibu mengi yatakuwa “sijui”. “Sijui” nalo ni jibu, na liandikwe.

Ukitaka kuongeza pumzi, vuta kwa sekunde 4 na toa kwa sekunde 6, ambayo ni takriban pumzi 6 kwa dakika, kwa muda wa dakika 5. Moyo hupunguza mwendo wakati wa kutoa pumzi, kwa kazi ya neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na moyo, ndiyo maana upande wa kutoa unarefushwa. Lakini kuna watu ambao kuisikiliza pumzi huwatia hofu, hasa waliopitia mambo ya kutisha. Ukiwa mmoja wao, liache zoezi hilo bila kujilaumu na uelekeze usikivu nje: nyayo zinavyogusa sakafu, maji ya uvuguvugu yanavyopita kwenye vidole, uzito wa kitu ulichoshika.

Baada ya wiki moja au mbili ndipo yanaingia matendo. Mwanasaikolojia Peter Lewinsohn alionyesha katika miaka ya 1970 jinsi sonona inavyomwondolea mtu matendo yaliyokuwa yakimletea malipo, na jinsi ukosefu wa malipo unavyoizidisha sonona. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake waligundua kwamba kurudisha matendo peke yake, bila kushughulikia fikra, kulisaidia sawa na tiba nzima ya fikra na tabia. Utafiti huo ulikuwa wa sonona, si wa ganzi kwa ujumla, lakini kanuni yake ndiyo inayotumika hapa: tendo linatangulia, hamu inafuata. Kwa hiyo tendo hupangiwa saa, wala halisubiri hamu.

Hilo linafanyika vipi kwa vitendo?

Turudi kwa yule baba wa miaka 41. Wiki ya kwanza mtaalamu alimpa daftari na kazi moja: kuandika alichofanya asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala, na kando yake namba kuanzia 0 hadi 10 ya kiasi alichoguswa, kwa uzuri au kwa ubaya. Alisema mapema kwamba itakuwa sifuri tupu. Aliporudi, kurasa zilikuwa na sifuri nyingi kweli, zikiwemo zile za saa 2 za kila usiku alizokaa na simu mkononi. Lakini kutembea kwenda kituoni alfajiri kulikuwa na 2. Kuosha vyombo kwa maji ya moto kulikuwa na 1. Kukaza mnyororo wa baiskeli ya mtoto, mtoto akiwa ameshika taa, kulikuwa na 2.

Kumbukumbu ya mtu mwenye ganzi huzifuta namba ndogo kama hizi na kusema “hakuna kitu”. Daftari halizifuti. Na hapa ndipo watu wengi hukosea: wanatupa 1 na 2 kwa sababu wanakumbuka 8 za zamani, kisha wanapanga safari kubwa au sherehe wakitumaini kupigwa mtikiso, na wanarudi wamevunjika moyo zaidi kwa sababu kila mtu alicheka isipokuwa wao. Mtikiso haufungui breki hii, bali huikaza.

Wiki ya pili alichagua mambo mawili tu kati ya yale yaliyokuwa juu ya sifuri. Akateremka kituo kimoja kabla ya chake kila asubuhi ili atembee dakika 20, na akaweka Jumamosi saa 10 alasiri kuwa saa ya baiskeli. Sharti lilikuwa kufanya kwa saa, hata kama namba itatoka 0, na kuandika namba baada ya tendo, kamwe si katikati yake. Simu ya usiku haikupigwa marufuku. Ilipunguzwa kutoka saa 2 hadi saa 1, na saa iliyobaki ikawa ya kulala.

Wiki ya nne alianza kukasirika. Alimfokea dereva, akamfokea ndugu yake kwa simu kuhusu gharama za miaka iliyopita, na akataka kuacha mpango mzima. Wiki ya sita alifungua droo akitafuta bisibisi, akakuta miwani ya baba yake, akakaa chini na kulia kwa karibu nusu saa. Aliandika 7 siku hiyo, namba ya kwanza kubwa, nayo haikuwa ya furaha. Kufikia wiki ya kumi siku zake nyingi zilikuwa na namba za kati ya 3 na 5, nyingine bado zilikuwa na 0, na Jumamosi moja mtoto aliteleza na baiskeli ndani ya dimbwi wote wawili wakacheka kabla yeye hajapata nafasi ya kujikagua kama anacheka.

Kilichorudi kwanza kwangu ni hasira na machozi. Nimezidi kuwa mgonjwa?

Kwa wengi hapana. Kumbuka mguu ulioamka kutoka kwenye ganzi: mchomo wa sindano ni dalili kwamba habari zimeanza kupita. Hisia zilizowekwa kando ndizo zenye deni la muda mrefu zaidi, na hasira hutangulia mara nyingi kwa kuwa ina nguvu ya kuvuka breki ambayo huzuni bado haina.

Kinachohitajika ni kipimo. Machozi ya nusu saa yanayomwacha mtu mchovu lakini mwepesi ni kuachia. Wimbi linalomfanya mtu asijue yuko wapi, atetemeke bila kukoma, au ajione anatoka nje ya mwili wake ni kufurika, na hapo mazoezi ya ndani yasimamishwe. Kanyaga sakafu kwa nguvu, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, shika kitu cha baridi, mwite mtu akae karibu. Likirudia, endelea ukiwa na mtaalamu, si peke yako na daftari.

Hasira nayo isigeuzwe ruhusa. Yule baba alilazimika kumpigia ndugu yake tena, si kufuta alichodai, kwa kuwa madai yalikuwa ya haki, bali kuomba radhi kwa namna alivyoyatoa.

Vipi pombe, filamu za kutisha au mambo ya hatari? Angalau huko nahisi kitu.

Pombe hulegeza breki kwa saa chache, kisha huvuruga nusu ya pili ya usingizi, ambayo ndiyo yenye sehemu kubwa ya usingizi wa ndoto, unaohusishwa na kuchakata hisia. Kwa hiyo mtu anakopa jioni na kulipa asubuhi kwa riba. Mambo ya hatari huamsha adrenalini, na mtu huchukulia mshtuko kuwa uhai. Tatizo ni kwamba mwili unaambiwa tena kile ulichopaswa kuacha kuamini, yaani kwamba hatari bado ipo. Filamu si kosa. Filamu tano mfululizo hadi saa 8 usiku ni ganzi ya aina nyingine.

Anayejikata au kujichoma ili ahisi kitu asione aibu kulisema jambo hilo kwa mtaalamu. Sababu yake inaeleweka, na zipo tiba zinazolishughulikia.

Niwaambie nini watu ninaoishi nao?

Waambie mapema, kwa ufupi, na uwape cha kufanya, kwa sababu mtu wa karibu asiyejua hujaza ukimya wako kwa tafsiri yake, na tafsiri hiyo kwa kawaida ni “nimemkosea” au “hanitaki tena”. Maneno ya kutosha ni kama haya: “Kwa sasa hisia zangu zimekufa ganzi kwa sababu ya yale tuliyopitia. Si kwa sababu yako. Usinilazimishe kufurahi, lakini usiache kunialika. Nikikaa karibu nawe kimya, kwangu hilo ni jambo kubwa.”

Kwa upande wa familia, kinachoumiza zaidi ni swali la kila siku, “leo unajisikiaje?” Ni kujikagua kulekule, ila kumehamishiwa kinywani mwa mwingine. Mwombe mtembee naye, au mshike kazi ya mikono pamoja. Mazungumzo mengi ya kweli hutoka watu wakiwa wameelekea upande mmoja, bila kutazamana usoni.

Itachukua muda gani?

Hakuna tarehe. Kwa msongo uliokwisha kweli, watu wengi huona namba zikitofautiana ndani ya wiki chache na mabadiliko ya kutegemewa ndani ya miezi. Lakini kama mzigo bado upo, yaani mgonjwa bado yuko kitandani au kazi bado inakula usiku, usitarajie breki iachie kikamilifu, kwa kuwa bado ina kazi. Hapo kupunguza mzigo, hata kwa usiku mmoja kwa wiki ambao mtu mwingine anaamka badala yako, kunafaa kuliko zoezi lolote lililoandikwa hapa.

Ni wakati gani nisisubiri?

Siku hiyohiyo, ikiwa unawaza kujiua au kujidhuru, ikiwa unasikia au kuona vitu ambavyo wengine hawavisikii wala kuviona, au ikiwa umeacha kula na kunywa. Nenda hospitali iliyo karibu au piga namba ya dharura, na usibaki peke yako wakati ukisubiri. Mwenye ganzi anaweza kuwaza kifo bila huzuni wala machozi, kwa utulivu kabisa, na utulivu huo usimdanganye yeye wala wanaomzunguka kwamba hali si ya hatari.

Bila dharura, fanya miadi ikiwa wiki 4 hadi 6 za daftari zinaonyesha sifuri tupu, au ikiwa kazi na malezi vimeanza kuporomoka. Watu wengi wenye ganzi hushindwa kueleza shida yao mbele ya daktari kwa sababu hawalii na hawaonekani kuumwa, nao huambiwa wapumzike tu. Andika kwenye karatasi na uisome kama ilivyo: ilianza lini, nini kilitangulia, dawa unazotumia na tarehe ulizoanza, usingizi wako ni wa saa ngapi, jambo moja ulilolipenda ambalo sasa halikugusi, na sentensi hii: “Sina huzuni kubwa, shida yangu ni kwamba sihisi kitu, na sikuwa hivi.” Mpe na daftari aone namba.